Kisanduku cha manjano kwenye makutano ya barabara: kwa nini usiingie kabla njia ya kutokea haijawa wazi

Kisanduku cha manjano ni eneo la katikati ya makutano ya barabara lililochorwa mistari ya manjano inayopishana kama wavu, na kazi yake ni kumwonyesha dereva sehemu ambayo gari linapita bila kusimama. Uingereza iliiweka alama hii katika sheria zake mwaka 1967 baada ya kuijaribu London, na nchi nyingi zimeifuata. Kanuni yake ni fupi: usiingie ndani ya mistari mpaka upande wa pili pawepo nafasi ya kutosha gari lako lote. Taa ya kijani haiibatilishi kanuni hiyo, kwa sababu taa hukueleza kwamba zamu ni yako, lakini haijui kama huko mbele kuna nafasi ya kukupokea.

Madhara ya kuivunja huonekana vizuri tukifuata mfano mmoja hadi mwisho. Chukua mtaa wa mraba wenye makutano manne kwenye pembe zake. A ipo kusini-magharibi, B kusini-mashariki, C kaskazini-mashariki na D kaskazini-magharibi. Barabara zote ni za njia moja: magari yanayokwenda mashariki hupita A kisha B, yanayokwenda kaskazini hupita B kisha C, yanayokwenda magharibi hupita C kisha D, na yanayokwenda kusini hupita D kisha A. Tuseme kutoka pembe moja hadi nyingine ni mita 130. Gari dogo lililosimama kwenye foleni, pamoja na pengo lililo mbele yake, huchukua kama mita sita na nusu, kwa hiyo kila kipande cha barabara kinabeba magari 20 tu katika safu moja. Taa ikiwa ya kijani, gari moja huvuka karibu kila sekunde mbili, hivyo kijani cha sekunde 30 hupitisha magari 14 au 15.

Sasa lori linasimama kidogo mbele ya B kushusha mzigo. Magari ya kwenda mashariki yanapunguza mwendo, na kipande cha A hadi B kinajaa. Pale A taa bado ni ya kijani. Dereva aliye mbele kwenye mstari wa kusimama anaona gari lililomtangulia likisogea hatua mbili, naye analifuata. Gari hilo linasimama, na lake linabaki ndani ya mistari ya manjano likiwa limekaa kimshazari, mkia wake ukiwa katikati ya njia ya wanaokwenda kusini. Taa yake inageuka nyekundu na ya wenzake inakuwa ya kijani, lakini kwa sekunde zote 30 hakuna hata mmoja wao anayeweza kupita.

Alichopata dereva huyo ni kidogo mno. Hakufika B mapema kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kasi ya foleni nzima inaamuliwa na upenyo uliopo pale B, wala si na idadi ya magari yaliyojisogeza nyuma yake. Alichowapotezea wengine ni zamu nzima ya magari 14. Ikiwa tayari kulikuwa na magari manane yanayosubiri kati ya D na A, na mengine 14 yakaja wakati wa zamu hiyo iliyopotea, jumla inakuwa 22 katika kipande kinachobeba 20. Mawili ya mwisho, madereva wake wakiwa na tabia ileile, yanasimama ndani ya makutano ya D.

Hapo shida inapiga kona. Magari yaliyokwama D yanawazuia wanaokwenda magharibi, ambao foleni yao inarudi nyuma hadi C. Mkia wa foleni hiyo unawazuia wanaokwenda kaskazini, nao wanajaza kipande cha B hadi C mpaka mkia wao unaingia ndani ya B. Na magari yaliyo ndani ya B yanamzuia nani? Yanaizuia foleni ya kwenda mashariki, ileile iliyoanza. Mviringo umefunga: kila foleni inasubiri foleni nyingine isogee, na ya mwisho inaisubiri ya kwanza. Hii ndiyo foleni iliyofungana, nayo ni tofauti na msongamano wa kawaida, ambao una kichwa kinachotoka polepole. Hii haina kichwa. Lori lile linaweza kuwa limekwisha kuondoka, na magari yasisogee hata hivyo, kwa sababu kinachoyazuia sasa ni yenyewe kwa yenyewe. Kama kila pembe inachukua zamu moja au mbili za taa, dakika chache zinatosha kuufunga mtaa mzima.

Madereva wengi hulalamika kwamba ukisubiri nyuma ya mstari, mwingine kutoka pembeni atakata kona na kuichukua nafasi uliyoilinda. Malalamiko hayo yana ukweli, na yanaudhi. Hata hivyo anayeichukua anakuchelewesha kwa nafasi ya gari moja, yaani sekunde mbili hivi pale B, ilhali makutano yaliyozibwa hukuchelewesha kwa zamu nzima baada ya zamu nzima.

Kupima nafasi kunahitaji macho yaangalie mahali sahihi. Dereva anayekazia taa hukosea. Anapaswa kuangalia lami iliyo ng'ambo ya mistari, na kuingia pale tu anapoiona ikiwa wazi kwa urefu wa gari lake na ziada kidogo. Akiwa nyuma ya basi au lori asiloweza kuona mbele yake, asubiri mpaka chombo hicho kitoke kabisa kwenye kisanduku na kiendelee kwenda. Basi la mita 12 linahitaji pengo la karibu magari madogo mawili, na dereva wake hawezi kuazima kipimo cha mwenye gari dogo.

Upo msamaha mmoja. Kwa sheria za Uingereza, ambako magari hupita kushoto, anayekata kulia anaweza kuingia na kusubiri ndani ya kisanduku ikiwa njia yake ya kutokea iko wazi na kinachomzuia ni magari yanayokuja kutoka mbele, au mengine yanayosubiri kukata kulia kama yeye.

Kwenye vivuko kanuni ni hiyohiyo, ila gharama hubadilika. Gari lililosimama juu ya kivuko cha waenda kwa miguu huwalazimisha watu kujipenyeza kati ya magari, mahali ambapo dereva wa safu ya pili hawaoni. Kwenye kivuko cha reli, treni nzito iliyo kwenye kasi inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kusimama, hivyo aliyenaswa juu ya reli hawezi kutegemea breki za mtu mwingine.

Foleni ikishafungana, taa hazina msaada tena, maana kijani huwaka kwa watu wasio na pa kwenda. Askari anayeifungua huanza kwa kuzuia magari mapya yasiingie mtaani, kisha hutafuta pembe moja ambako gari lililo ndani ya makutano linaweza kukata kona na kutoka nje ya mraba, au kurudi nyuma mita chache. Pengo hilo moja likipatikana, foleni moja husogea, nayo huiachia iliyo nyuma yake, na fundo hufunguka pembe baada ya pembe kwa mpangilio uleule lililojifungia.