Asilimia 40 ya nini, na lini?

Wiki hii nimeambiwa tena na kijana wa mauzo kwamba ujumbe unaosindikiza kwotesheni hauna haja ya kutaja pesa za kila awamu. "40-40-20 kila mtu anaielewa," akasema, "na hesabu zote zimo kwenye PDF." Hoja hii nimechoka kuisikia. Kazi yangu ni kuandaa kwotesheni katika karakana ya chuma Katwe, hapa Kampala, na ugomvi wa malipo ninaoitwa kuutuliza mara nyingi hauhusu bei. Bei mteja ameipigania mwenyewe na anaikumbuka vizuri. Ugomvi hutoka kwenye ule mstari mmoja wa ujumbe ambao muuzaji aliuandika haraka akijua moyoni alichomaanisha.

Na kuhusu PDF: mteja anasoma ujumbe kwenye WhatsApp akiwa sokoni. PDF ataifungua jioni, au hataifungua. Ujumbe ndio anaomtumia ndugu yake wa Nairobi anayechangia mtaji, tena anautuma peke yake bila kiambatisho. Siku ya kulipa, watu wawili wanakumbuka ujumbe na karani mmoja wa karakana anakumbuka PDF. Kwa hiyo ujumbe lazima usimame wenyewe.

Tuchukue kazi ya aina tunayoipata mara kwa mara: stoo ya mahindi ya mfanyabiashara wa Busia, nguzo za chuma, kenchi na mabati. Bei ni shilingi milioni 40 kabla ya VAT. Muuzaji anaandika hivi:

"Salaam Hajji, nimekutumia kwotesheni ya stoo. Ni milioni 40 na VAT. Malipo ni 40% advansi, 40% ya salio vifaa vikifika, na zilizobaki kazi ikiisha. Karibu sana."

Ukiusoma haraka ni ujumbe mzuri, mfupi na wa heshima. Sasa usome kama anayetoa pesa.

"Milioni 40 na VAT" inasomeka mara mbili. Hajji anaweza kuelewa kwamba VAT imo ndani ya milioni 40. Muuzaji alimaanisha VAT inaongezwa juu, na kwa asilimia 18 hiyo ni 7,200,000, jumla 47,200,000. Advansi ya Hajji basi ni 16,000,000, na ya karakana ni 18,880,000. Tofauti ni 2,880,000 kabla kazi haijaanza.

Hapo wengi wetu tunakuwa waangalifu kidogo, kwa sababu VAT ni jambo linalojulikana kwa usumbufu. Linaloniudhi zaidi ni lile linalofuata: "40% ya salio". Muuzaji alitaka kusema asilimia 40 nyingine ya jumla, inayotoka kwenye pesa ambazo bado hazijalipwa. Lakini alichoandika ni asilimia 40 ya kile kilichobaki, na Hajji ana haki kamili ya kukisoma kama kilivyoandikwa. Tuseme VAT tumeshakubaliana, jumla ni 47,200,000. Baada ya advansi inabaki 28,320,000. Asilimia 40 ya hiyo ni 11,328,000. Karakana inangoja 18,880,000. Tofauti ni 7,552,000, na inajitokeza siku ambayo lori limeshusha chuma Busia, vijana wamelala hapo, na tayari tumetumia fedha za kazi nyingine kununua mabati. Hajji aliyesoma mistari yote miwili kwa upande wake, VAT ndani ya milioni 40 na asilimia 40 ya salio la 24,000,000, anajiandaa kutoa 9,600,000 siku hiyo hiyo. Hadanganyi. Kazidisha tu alichoandikiwa.

Watu wananiambia, "Lakini mwisho wa yote atalipa jumla ile ile." Ndiyo, na hapo ndipo uelewa huu mbovu unapojificha. Awamu hazigawi bei peke yake. Zinaamua ni nani anabeba gharama ya kazi kila wiki. Kwa mgawo wa karakana, siku ya makabidhiano Hajji anadaiwa 9,440,000. Kwa mgawo alioelewa yeye, hata jumla ikiwa ile ile 47,200,000, anadaiwa 16,992,000. Hapo karakana imemkopesha tofauti hiyo kwa muda wote wa kusimamisha jengo, bila mtu yeyote kuliamua jambo hilo.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni kwamba asilimia zote zipigwe kwenye namba moja, na namba hiyo itajwe. Neno salio halikai karibu na alama ya asilimia. Ya pili ni kwamba kila awamu iandikwe kwa shilingi kwanza, asilimia ifuate kama maelezo. Asilimia ni njia yetu sisi ya kupiga hesabu. Mteja hutoa shilingi.

Na VAT igawanywe ndani ya kila awamu. Kuna wauzaji wanaoandika "VAT italipwa mwisho" wakidhani wanampunguzia mteja mzigo. Kwa sheria ya VAT ya Uganda, wakati wa mauzo huhesabiwa kwa kile kinachotangulia: kufikisha bidhaa, kupokea malipo, au kutoa ankara ya kodi. Ukipokea advansi, kodi ya sehemu hiyo imeshaanza kudaiwa. Katika mfano wetu, 18,880,000 ya kwanza ni 16,000,000 ya kazi na 2,880,000 ya VAT. Ukiiacha 2,880,000 hiyo hadi mwisho, unaitoa mfukoni mwako kwanza.

Kodi ya zuio nitaipita haraka. Mteja aliyeteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kuikata anapunguza asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi 1,000,000. Muulize mapema kama ameteuliwa, na uandike kwamba makato hayo, yakija na cheti chake, yanahesabiwa kama sehemu ya awamu iliyolipwa. Bila hivyo karani wako ataona pesa pungufu benki na kumpigia mteja simu ya lawama.

Sasa yale ya "vifaa vikifika" na "kazi ikiisha". Chuma cha stoo hakiji kwa lori moja kila wakati. Nguzo zinaweza kufika Jumatatu na mabati Ijumaa. Muuzaji anadai pesa Jumatatu kwa sababu vifaa vimefika. Hajji anasema havijafika, haoni hata bati moja. Wote wawili wako sahihi kwa maneno yaliyoandikwa. Tukio la kulipia linatakiwa liwe kitu ambacho mtu wa tatu, hata mlinzi wa kiwanja, angeweza kusema limetokea au halijatokea, na liache karatasi yenye sahihi. Hivi ndivyo ninavyouandika ujumbe ule ule:

"Salaam aleikum Hajji. Bei ya stoo ni UGX 40,000,000. VAT ya asilimia 18 ni UGX 7,200,000. Jumla utakayolipa ni UGX 47,200,000. Utalipa mara tatu, na asilimia zote zimepigwa kwenye jumla hiyo.

Malipo ya kwanza: UGX 18,880,000 (asilimia 40), kabla hatujanunua chuma.

Malipo ya pili: UGX 18,880,000 (asilimia 40), nguzo zote, kenchi zote na mabati yote yakishashushwa kiwanjani kwako na ukatia sahihi hati ya kupokea. Kusimamisha kunaanza baada ya malipo haya.

Malipo ya tatu: UGX 9,440,000 (asilimia 20), ndani ya siku 7 tangu tutie sahihi pamoja hati ya makabidhiano.

Malipo yote matatu ni UGX 47,200,000."

Mstari wa mwisho unaonekana wa kurudia, na kila kijana mpya anajaribu kuufuta. Sikubali. Ndio unaomwezesha mteja kujumlisha mwenyewe na kuona hakuna shilingi iliyofichwa, na ndio unaokukamata wewe ukibadilisha bei dakika ya mwisho na kusahau kurekebisha awamu. UGX nayo haitoki. Busia ina pande mbili, na shilingi ya Kenya ni zaidi ya ishirini za kwetu. Kwenye jumla kubwa mtu atashtuka na kuuliza, lakini kwenye pesa ndogo ya usafiri kosa hilo linapita.

Utaona pia sijapanga jedwali. Kwenye skrini ya simu safu zinahama na namba ya awamu ya pili inajikuta chini ya asilimia ya tatu. Mstari mmoja kwa kila malipo unatosha. Na usichanganye namba za siku na za asilimia bila kuzitaja: "20% 7" haimwambii mtu chochote.

Lipo jambo ambalo bado sijalimaliza. "Kusimamisha kunaanza baada ya malipo haya" ni sentensi iliyo wazi, lakini kuna wazee wanaoisikia kama tishio, hasa wale waliozoea kufanya biashara kwa kuaminiana. Nimejaribu kuilainisha, na kila nilipoilainisha ilipoteza maana. Siku hizi naiacha ilivyo na kumpigia mzee simu kabla ya kuutuma, nimweleze kwa mdomo kwa nini ipo. Sina hakika kama hilo ni suluhisho au ni kuahirisha tu.

Malipo ya tatu nayo yana tundu. Mteja anaweza kusafiri na asije kutia sahihi. Baadhi ya wenzangu huongeza kwamba asipokuja ndani ya siku kadhaa kazi ihesabiwe imekubaliwa. Kwenye mkataba naielewa. Kwenye ujumbe wa kusindikiza naiogopa, kwa sababu mtu hawezi kukubali gata ambayo hajaiona ikipitisha maji. Ninachofanya ni kumwomba ataje mapema jina la atakayetia sahihi kwa niaba yake, na jina hilo naliongeza kwenye mstari wa tatu kabla hajalipa advansi.

Kazi ikiongezeka katikati, kwa mfano mlango wa pili wa 3,000,000, yaani 3,540,000 pamoja na VAT, siugusi mgawo wa zamani. Nyongeza inapata ujumbe wake na inalipwa yote kabla ya kukata chuma chake. Wateja wengine huona huo ni ukali, wanataka nyongeza iingizwe kwenye asilimia 20 ya mwisho. Tatizo ni kwamba ukifungua jumla moja, asilimia zote tatu zinafunguka, na mbili kati yake zimeshalipwa.

Kabla ya kutuma, nampa ujumbe mtu wa karakana asiyeijua kazi hiyo, mara nyingi mchomeleaji, bila kumpa PDF. Namuuliza: mteja atatoa shilingi ngapi mara ya pili, na utajuaje siku hiyo imefika? Akisita kwenye lolote kati ya hayo mawili, ujumbe unarudi kwa kijana wa mauzo.