Rejea ya Aya Inaporuka: Kuchapa Kiarabu na Kiswahili Kwenye Ukurasa Mmoja

Ramadhani ikikaribia, kitengo chetu cha uchapaji hapa Mwanza hupokea vijitabu vya dua, masomo ya madrasa na vipeperushi vya darsa kutoka Nyamagana, Ilemela, Sengerema hadi Ukerewe. Safari hii malalamiko yamekuwa mengi kuliko kawaida, na uongozi umeelekeza tuyatolee maelezo kwa umma. Wengi wanalalamika kwamba "mashine imegeuza Qur'ani". Tukifungua kazi zenyewe, mara nyingi tunakuta aya ni salama kabisa, ila rejea yake, yaani namba ya sura na ya aya, imehama.

Tuanze na hilo la mashine, kwa sababu tumelijibu dirishani hadi tumechoka. Mashine ya kuchapa haijui Kiarabu wala Kiswahili. Inagandamiza kwenye karatasi kile kilicho kwenye pleti, na pleti imetengenezwa kutokana na faili. Kilichogeuka kimegeuka ndani ya faili, kabla hata wino haujamiminwa.

Chukua mfano ambao tumeuona zaidi ya mara moja. Maalimu ameandaa kijitabu kwa Word. Katikati ya sentensi ya Kiswahili ameweka Ayatul-Kursiy pamoja na aya inayoifuata, kisha akaandika rejea yake kwa namba tupu ndani ya mabano. Faili ilipohamishiwa kwenye programu ya kupangia kurasa, sentensi ilitoka hivi:

```
Alivyoandika:  Allah amesema: [AYA] (2:255-256) maana yake...
Ilivyotoka:    Allah amesema: (256-2:255) [AYA] maana yake...
```

Mambo mawili yametokea kwa pamoja. Rejea imeruka kutoka mwisho wa aya na kukaa mbele yake, upande wa kushoto. Halafu namba zenyewe zimepinduka, 256 ikatangulia na 2:255 ikafuata. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua hiyo ni sura ya ngapi.

Hakuna virusi hapo. Kompyuta huhifadhi herufi kwa mpangilio uleule ulioziandika, ziwe za Kiarabu au za Kiswahili. Upande wa kuelekea huamuliwa baadaye, wakati wa kuonyesha, kwa kanuni za Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, ambazo programu nyingi za leo hufuata. Herufi za Kiswahili zina mwelekeo wake imara, kushoto kwenda kulia, na za Kiarabu zina wake. Nafasi, mkato, kistari na mabano havina mwelekeo. Vinafuata majirani zake. Namba ziko katikati: tarakimu zake husomwa kushoto kwenda kulia hata ndani ya Kiarabu, lakini mahali itakapokaa namba nzima hutegemea herufi ya mwisho iliyotangulia. Katika mfano wetu herufi hiyo ni ya Kiarabu. Kwa hiyo namba zimehesabiwa kuwa sehemu ya Kiarabu na zikapangwa kuelekea kushoto, baada ya neno la mwisho la aya. Nukta mbili imebaki imeshikamana na namba zake, ndiyo maana 2:255 haikuvunjika. Kistari hakina nguvu hiyo. Kimechukuliwa kuwa Kiarabu, na namba za pande zake mbili zikabadilishana nafasi.

Mabano nayo yana historia yake. Kanuni ya kuyafanya mabano mawili yaende pamoja iliingia katika Unicode toleo la 6.3, mwaka 2013. Programu iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kulipeleka bano moja huku na jingine kule. Ukiona bano limebaki peke yake upande wa pili wa aya, shuku kwanza umri wa programu.

"Lakini kwangu ilionekana sawa," ndivyo maalimu huyo alivyotuambia, na alikuwa anasema kweli. Word haitegemei kanuni hizo peke yake. Inakumbuka pia ulikuwa unatumia kibodi ya lugha gani ulipokuwa unaandika. Ukibadili kibodi kutoka Kiarabu kabla ya kuandika mabano na namba, Word huziweka upande wa Kiswahili. Maandishi yakinakiliwa kwenda programu nyingine, kumbukumbu hiyo hubaki nyuma na kanuni za kawaida zinashika kazi. Kwa hiyo kuonekana vizuri kwenye kompyuta ya nyumbani Kirumba hakuthibitishi lolote kuhusu ukurasa utakaochapwa.

Dawa rahisi kuliko zote ni kuandika jina la sura kwa herufi za Kiswahili, na jina hilo litangulie namba:

```
Allah amesema: [AYA] (Al-Baqara 2:255-256) maana yake...
```

Sasa herufi ya mwisho kabla ya namba ni ya Kiswahili, kwa hiyo rejea nzima inatulia mahali pake, baada ya aya. Tunasisitiza neno "litangulie", kwa sababu wapo waliosikia ushauri huu nusu. Ukiandika (2:255-256, Al-Baqara), mabano yatakaa sawa, lakini namba bado zinaitazama aya iliyo nyuma yake na zitapinduka vilevile.

Kama kijitabu chako lazima kitumie namba tupu, weka alama isiyoonekana ya mwelekeo wa kushoto kwenda kulia. Namba yake katika Unicode ni U+200E. Kwenye Word, peleka kishale mara tu baada ya herufi ya mwisho ya aya, andika 200E, kisha bonyeza Alt+X. Ulichoandika kitatoweka, usishtuke na usiandike tena. Alama imeshaingia, ina mwelekeo imara kama herufi ya Kiswahili, nayo husafiri na maandishi yanaponakiliwa. Udhaifu wake ni huohuo wa kutoonekana: mtu akija kurekebisha nafasi kati ya aya na bano anaweza kuifuta bila kujua, na rejea ikaruka upya. Ndiyo maana sisi tunapendelea jina la sura.

Njia ambayo hatuikubali ni ya kuandika namba kinyumenyume ili zionekane sawa. Anayefanya hivyo amelirekebisha jicho lake tu. Ndani ya faili kuna kosa la kweli, na siku mwingine akiongeza jina la sura, au maandishi yakihamia programu nyingine, rejea inatoka potofu na hakuna atakayejua ilikotokea. Njia ya kupiga picha ya skrini ya simu nayo ina mpaka wake. Picha yenye upana wa nukta 1080, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha upana wa sentimita 9 hivi. Ukiivuta ijaze ukurasa wa A5, shada na kasra zinageuka ukungu.

Lipo lalamiko jingine ambalo mteja anakuwa anaona kosa pasipo na kosa. Aya ndefu iliyoanza katikati ya sentensi ya Kiswahili haitoshi mstari mmoja, hivyo inaendelea mstari wa pili. Kwa mpangilio sahihi, maneno ya kwanza ya aya yanabaki mstari wa juu, na yanayofuata yanashuka mstari wa chini yakianzia upande wa kushoto wa ukurasa, ila ndani ya kila mstari yanasomwa kulia kwenda kushoto. Jicho linaruka, lakini maandishi ni sahihi. Kwa Ayatul-Kursiy, tazama "Allahu la ilaha illa Huwa": yakiwa mstari wa juu, mpangilio uko salama. Ukikuta "wa Huwal-'aliyyul-'adhim" ndiyo yametangulia juu na mwanzo wa aya uko chini, hapo kuna tatizo. Mara nyingi maandishi yalinakiliwa kutoka PDF ya zamani iliyohifadhi herufi kwa jinsi zinavyoonekana badala ya jinsi zinavyosomwa. Usijaribu kuyahamisha kwa kubonyeza Enter katikati ya aya. Yafute, uchukue aya kutoka chanzo kingine.

Ushauri wetu ni kwamba aya inayozidi maneno machache ipewe paragrafu yake, na paragrafu hiyo igeuzwe ielekee kulia kwenda kushoto. Kwenye Word yenye Kiarabu miongoni mwa lugha za kuandikia, bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya kulia. Kuirudisha, tumia Shift ya kushoto. Kupanga maandishi yaegemee kulia ni jambo jingine kabisa, hakubadili mwelekeo, na nukta ya mwisho itaendelea kukaa upande usio wake. Mabano ya maua ya Qur'ani nayo yatumike kwenye paragrafu ya aina hiyo tu. Umbo lake haligeuki kufuata mwelekeo kama mabano ya kawaida, kwa hiyo ndani ya sentensi ya Kiswahili huwa yanapeana migongo.

Kuhusu utaratibu. Kazi yoyote yenye Kiarabu huletwa na faili mbili, ya Word na ya PDF iliyobeba fonti zake ndani, pamoja na nakala ya ukurasa wa msahafu ambao aya imetoka. Nakala hiyo ndiyo tunayolinganishia. Sisi hatutamwamini mtu kwa kusema amehifadhi Qur'ani kichwani, hata akiwa nani. Kisha tunatoa prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio ya kukaguliwa kabla ya kuchapa. Prufu ya Watsap haipitishwi, kwa sababu simu nayo inaonyesha kwa kanuni zake. Fomu ya prufu ina saini mbili: ya anayesoma Kiarabu, aliyekagua neno la kwanza na la mwisho la kila aya, na ya aliyekagua Kiswahili na rejea. Mtu mmoja akiweza vyote viwili, anasaini mara mbili. Fomu yenye saini moja inarudishwa na kazi inapoteza nafasi yake kwenye foleni, hata kama boti ya Ukerewe inasubiri.

Kosa likionekana kabla ya pleti kutengenezwa, marekebisho ni bure. Likionekana baada ya pleti, na lilikuwemo kwenye prufu iliyosainiwa, mteja analipia pleti mpya. Likionekana baada ya kuchapa, analipia pleti na karatasi. Kama prufu ilikuwa sahihi na kosa limeingia upande wetu, gharama zote ni zetu, na mteja hahitaji kubishana na mtu. Aonyeshe nakala yake ya prufu.

Karatasi zilizoharibika za kazi nyingine tunawauzia wafungaji wa karanga na maandazi. Zenye aya haziuzwi wala hazitupwi jalalani. Tunazihesabu, tunazifunga na kumkabidhi mteja azihifadhi, azizike au azichome kwa utaratibu wa dini yake, naye anasaini kuzipokea. Kazi iliyosahihishwa haitolewi mpaka bunda hilo limechukuliwa.