Matapishi yenye rangi ya machicha ya kahawa: damu iliyokutana na asidi

Mgonjwa anapotapika maji ya kahawia yenye chembechembe nyeusi, kama machicha yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa, mimi huichukulia ile kuwa ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wengi huitarajia damu iwe nyekundu, kwa hiyo haya ndiyo matapishi wanayomwaga na kusahau.

Rangi hiyo inatengenezwa na tumbo lenyewe. Damu ikimwagika ndani ya tumbo inakutana na asidi ya haidrokloriki. Asidi inaivunja himoglobini, na madini ya chuma yaliyomo ndani yake yanabadilika na kutoa hematini, ambayo ni ya kahawia iliyokolea. Protini za damu nazo zinagandishwa na asidi hiyohiyo, ndiyo maana unaona chembe na si maji matupu. Kwa hiyo matapishi hayo yanakueleza mambo mawili kwa pamoja: chanzo kiko juu, yaani kwenye umio, tumbo au duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na damu imekaa na asidi kwa muda kabla ya kutapikwa. Damu ya utumbo mpana hairudi juu namna hiyo.

Kukaa kwake na asidi mara nyingi kuna maana kwamba inavuja polepole au imesimama. Damu ikija kwa kasi kubwa, asidi haiwahi kuibadilisha, na mtu hutapika nyekundu yenye mabonge. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi mishipa iliyovimba kwenye umio inapopasuka, tatizo tunalolijua vizuri kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako kichocho cha matumbo huharibu ini kwa miaka mingi na kupandisha presha ndani ya mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini. Lakini rangi ya kahawia isikutulize. Kidonda kilichosimama kuvuja asubuhi kinaweza kufumuka tena jioni.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 58 mwenye maumivu ya magoti, ambaye kwa wiki tatu amekuwa akinunua diklofenaki duka la dawa na kumeza miligramu 50 mara tatu kwa siku. Dawa hii inazuia prostaglandini, na hizo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kulinda ukuta wake. Ametapika machicha mara mbili, na choo chake ni cheusi, kinanata na kinanuka vibaya mno. Mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, namba ya juu ya presha ni 98, himoglobini ni gramu 11.8 kwa desilita, na urea, taka ya protini inayopimwa kwenye damu, ni milimoli 14 kwa lita.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiiona ile 11.8 wanasema damu bado ipo. Himoglobini hupima ukolezi, si kiasi kilichobaki mwilini: mtu aliyepoteza damu saa moja iliyopita amepoteza seli na maji kwa pamoja, kwa hiyo ukolezi haujashuka bado. Utashuka baadaye, maji ya mwili au ya dripu yatakapoingia kwenye mishipa, na usishangae kesho ukikuta 8. Mapigo na presha ndivyo vinavyosema kweli mapema, isipokuwa kwa anayetumia propranololi au atenololi, ambaye moyo wake hauwezi kukimbia. Urea imepanda kwa sababu damu iliyoingia utumboni imemeng'enywa kama nyama.

Kwa alama za Blatchford, zinazokadiria hatari ya anayevuja damu tumboni, mzee huyu anapata 4 za urea, 3 za himoglobini, 2 za presha, 1 ya mapigo na 1 ya choo cheusi. Jumla ni 11. Anayepata 0 au 1 anaweza kurudi nyumbani na kupimwa baadaye. Huyu analazwa, anawekewa sindano mbili pana za mshipani, anapimwa kundi la damu, na anafanyiwa endoskopia, yaani kuangaliwa tumbo kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ndani ya saa 24 baada ya kutulizwa kwa maji. Damu kwa kawaida tunaongeza himoglobini ikishuka chini ya 7, mapema zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Omeprazoli inasaidia kwa kupunguza asidi, kwa kuwa asidi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, huyeyusha donge linaloziba kidonda, ila haichukui nafasi ya endoskopia.

Njiani kwenda hospitali asipewe chakula, wala maziwa ya "kutuliza tumbo", wala kidonge kingine cha maumivu. Alale ubavu. Matapishi yachukuliwe kwenye chombo yaonekane. Ukiuliza dawa, uliza pia vidonge vya madini ya chuma: hivyo navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakinuki hivyo.

Kidonda kikishadhibitiwa, diklofenaki inakoma na bakteria wa Helikobakta pailori, anayesababisha vidonda vya tumbo, anatafutwa. Kipimo chake kikichukuliwa wakati damu inavuja kinaweza kutoka hasi ilhali bakteria yupo, kwa hiyo jibu hasi la siku hiyo lirudiwe baadaye, mgonjwa akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki mbili kwa ruhusa ya daktari wake.