Mbwa au paka "kupitisha ngozi" maana yake nini, na zile dakika 15 za sabuni ni za nini

Ukienda zahanati umeng'atwa, swali la kwanza utaulizwa ni je, ngozi imepita? Wengi tunajibu "hapana, ni mkwaruzo tu" na hapo ndipo tunapojidanganya, maana kupita ngozi sio lazima nyama ionekane wala damu ichuruzike. Ngozi imepita pale jino au ukucha ulipofungua ile tabaka ya juu, hata kama ni mstari mwembamba kama wa kalamu. Ukipaka sabuni pale ikachoma ujue pamefunguka. Kama mbwa kakulamba tu mkono mzima usio na kidonda, hapo nawa uendelee na mambo yako, huhitaji chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinachoogopwa ni kirusi cha kichaa cha mbwa, na kinakaa kwenye mate. Ndio maana hata paka anahesabika, yeye hujilamba makucha siku nzima kwa hiyo kucha yake si kavu kama unavyodhani. Na mate yakiingia kwenye jicho, mdomoni, au kwenye kidonda ulichokuwa nacho tangu juzi, hiyo nayo ni sawa na kung'atwa.

Nieleze kwa tukio la mtoto wa dada yangu, yuko Newala kwa bibi yake, ana miaka tisa. Jumatatu jioni alikuwa anakatiza kwenye mikorosho anarudi nyumbani, mbwa asiyemjua akatokea kwenye kichaka kimya kimya, hakubweka, akamdaka kigimbi akamuachia akaenda zake. Suruali haikuchanika. Mtoto akasema "sijaumia bibi, kashika suruali tu" (aliogopa kuchapwa kwa kuchelewa) na mama yangu, ndiye bibi yake, akaridhika, mpaka anamvua wakaoge ndio anaona matundu mawili madogo kama ya msumari na mstari mwekundu pembeni. Damu tone moja limeshaganda. Meno ya mbwa yanapita kwenye kitambaa bila kukichana, kwa hiyo usiamini suruali, vua uangalie ngozi.

Sasa Newala mnaijua, uko juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni shida na mengi ni ya kununua kwa ndoo. Jirani mmoja akaja na wazo la pilipili iliyosagwa, mwingine akataka mafuta ya taa, na kulikuwa na jiwe jeusi lile la nyoka limefungwa kwenye kitambaa. Vyote hivyo havifanyi kitu kwa kirusi na pilipili inachubua nyama inazidi kufunguka. Mama yangu kwa bahati aliwahi kumsikia mhudumu wa afya wa kijiji akisema jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji dakika 15, akawafukuza wote akaomba ndoo moja tu.

Ndoo ya lita 20 inatosha, hilo watu hawalijui. Dakika 15 ukimwaga taratibu lita moja kwa dakika unatumia lita 15, na unabaki na maji. Kama bomba lipo vizuri, kama halipo chukua chupa ya plastiki toboa kizibo, au tumia kibuyu chirizi kile cha kunawia chooni, cha msingi maji yawe yanatiririka yanaondoka na uchafu, sio kutumbukiza mguu kwenye beseni ukaulowesha kwenye maji yale yale. Sabuni yoyote, ya mche, ya unga iliyokorogwa, ya kuogea. Kirusi hiki kina ganda la mafuta mafuta juu yake, na sabuni inalivunja lile ganda kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria, ganda likivunjika kirusi kimekufa. Maji peke yake yanasukuma mate nje, sabuni ndio inaua. Ndio maana usikubali "nimeshaosha" ya kumwagia maji mara mbili.

Walivyofanya: povu, wakasugua kwa vidole taratibu, maji, povu tena, maji, wakifungua yale matundu kidogo kwa vidole ili maji yaingie ndani, maana matundu ndio hatari zaidi kuliko mstari, jino limepanda mate ndani na juu pameshajifunga. Bila brashi, bila kukamua kwa nguvu, bila kunyonya kwa mdomo jamani. Anayeosha naye kama ana kidonda mkononi avae glavu au hata mfuko wa nailoni. Dakika 15 ni ndefu ukiwa na mtoto analia, mama aliweka simu akawa anaiangalia, anasema ya saba alishataka kuacha. Baadaye wakapaka ayodini ile ya kahawia, spiriti pia inafaa, wakaacha wazi. Kufunga kwa nguvu au kushona haraka haraka sio sawa, jeraha la aina hii likihitaji kushonwa daktari ndio anapanga na mara nyingi anasubiri.

Na kuosha hakumalizi kazi. Hapa ndipo watu wa kwetu wengi wanakwama, wameosha vizuri, jeraha limekauka siku ya nne, basi imeisha. Kirusi kidogo kilichobaki kinaingia kwenye mshipa wa fahamu na kuanza kupanda polepole kuelekea ubongoni, muda wote huo huna homa, huna maumivu, hakuna kipimo cha kukuambia kimo au hakimo. Kawaida inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu, mara nyingine wiki tu, mara nyingine zaidi ya mwaka, na aliyeng'atwa usoni au mkononi ana njia fupi kuliko wa mguuni. Ikishafika ubongoni mtu anaanza kuwashwa au kupata ganzi palipong'atwa, anaogopa maji, koo linabana akijaribu kunywa, na hapo hakuna dawa, ni kifo. Kwa hiyo chanjo inashindana mbio na kirusi kabla hakijafika, ndio kazi yake. Na kama wiki mbili zimepita hukwenda, nenda hata leo, maadamu dalili hazijaanza bado mbio zinaendelea.

Usiku ule ule bodaboda mpaka hospitali ya wilaya. Ushauri wangu mmoja, piga simu kwanza uulize chanjo ipo, maana sio kila zahanati inayo na kuna watu wanapoteza siku mbili wakizunguka vituo vitatu. Na zile hadithi za sindano 21 za tumboni zilishaisha zamani. Siku hizi zinachomwa mkononi kwenye bega, mtoto mdogo sana pajani, sio matakoni.

Mtoto wetu alipata ile njia ya juu juu ya ngozi, sindano mbili ndogo kila safari, moja kila mkono. Siku ya kwanza kuchomwa wanaiita siku 0, kisha siku ya 3, kisha siku ya 7. Kwa hiyo Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu inayofuata, basi. Hospitali nyingine wanachoma kwenye msuli, hiyo ratiba inaendelea mpaka wiki ya pili hadi ya nne, usishangae mwenzako kaambiwa tofauti. Kosa kubwa ni kuruka ya mwisho sababu nauli imeisha, nimewaona kadhaa. Wakamwangalia na pepopunda pia, kwa sababu tundu lenye udongo lina hiyo hatari yake pembeni.

Kuna kitu kingine, kingamwili iliyo tayari, inachomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Chanjo inachukua kama wiki moja mwili uanze kutengeneza kinga yake, sasa ile kingamwili inalinda hapo katikati. Inatakiwa kwa jeraha lililotoboa au kutoa damu, au mate kuingia jichoni na mdomoni, ile michubuko midogo isiyotoa damu chanjo peke yake inatosha. Tatizo ni adimu na ni ghali, sisi hatukuipata. Ikikosekana usirudi nyumbani kusubiri ipatikane, anza chanjo hapo hapo, ndipo unaona kwa nini zile dakika 15 za ndoo zina uzito kwetu kuliko kwa mtu wa mjini. Ikipatikana ndani ya siku saba tangu sindano ya kwanza bado inawekwa.

Mbwa je? Wanaume wa kijiji walitoka na mapanga wamuue. Akiwa anajulikana ni bora afungwe aangaliwe siku 10, apewe maji na chakula. Sababu ni kwamba kirusi hakifiki kwenye mate ya mbwa mpaka kimeshapita ubongoni kwake, kwa hiyo mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku ile ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Akimaliza siku 10 mzima, hakuwa nacho siku aliyong'ata, na waliokuwa kwenye ratiba ndefu daktari anaweza kuwasimamisha. Ila unaanza chanjo huku unamwangalia, sio unamwangalia kwanza. Kwa ratiba ya mtoto wetu dozi zinaisha siku ya 7 mbwa hata hajamaliza zake. Akiuawa, msimpige kichwani, ofisa mifugo anahitaji ubongo upelekwe kupimwa, na msimshike kwa mikono mitupu. Wa kwetu hakuonekana tena kwa hiyo akahesabiwa ni mgonjwa.

Na msisubiri povu mdomoni. Kuna mbwa anapata ile ya kimya, taya linaning'inia, hawezi kumeza, sauti imebadilika, mtu mwenye huruma anadhani kakwamwa na mfupa anaingiza mkono mdomoni kumsaidia. Hiyo nayo ni hatari. Halafu huku Lindi na Mtwara tuna la ziada, mbweha. Utafiti wa huku umeonyesha mbweha wana sehemu kubwa ya kesi za wanyama, sio mbwa peke yao. Mbweha kawaida anamkimbia mtu, ukimuona mchana kaingia uwanjani hana woga, anang'ata kuku na mbwa bila kula, huyo usimsogelee, na mbwa wako aliyepigana naye mpeleke kwa mifugo hata kama ana chanjo.

Kwa paka kuna jambo moja tofauti. Jino lake ni jembamba kama sindano, linaingia ndani sana na tundu linajifunga mara moja, hivyo nje ya kichaa kuna usaha. Kama kesho yake mkono umevimba, una joto, mstari mwekundu unapanda juu au kidole hakikunjiki, hiyo ni bakteria na inahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo, hasa jeraha likiwa mkononi karibu na kiungo.

Mtoto alichoma ya tatu Jumatatu asubuhi, akapitia shule mchana. Matundu yameacha alama mbili nyeusi kwenye kigimbi, anawaonyesha wenzake anasema aling'atwa na chui.