Kubadili mandharinyuma ya picha ya maombi bila kumgusa aliyepigwa

Picha nyingi zinazorudishwa kwa sababu ya mandharinyuma huwa zilipigwa vizuri. Mwombaji alisimama mbele ya ukuta mweupe, uso unaonekana sawasawa, lakini fomu ilitaka bluu hafifu. Akaenda steshenari, kijana wa kompyuta akamkata kwa programu ya simu na kumbandika juu ya bluu. Bluu ikapatikana, ila nusu ya sikio imeliwa, nywele zimekuwa kama zimechongwa kwa kisu, na uso umelainishwa kwa sababu programu ile hupamba sura bila kuombwa.

Kabla ya kubadili chochote, soma masharti ya unakopeleka maombi. Marekani, kwa mfano, haikubali picha ya viza au pasipoti iliyobadilishwa kwa kompyuta, hata kama kilichobadilishwa ni ukuta tu. Huko dawa ni moja: piga upya mbele ya ukuta mweupe. Maelezo haya ni kwa maombi ambayo masharti yake yanaruhusu kurekebisha mandharinyuma.

Njia tunayoieleza haimkati mtu. Inaupaka ukuta rangi huku kingo za nywele zikibaki kama kamera ilivyozichukua. Tutatumia GIMP, programu ya bure ya kompyuta, na tuchukue mfano wa mtu mwenye nywele nyeusi na shati la kijivu, aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Rangi inayotakiwa ni bluu hafifu yenye namba #ADD8E6, yaani nyekundu 173, kijani 216 na bluu 230. Fomu ikitaja jina la rangi tu bila namba, waulize wahusika au tumia rangi ya picha ya mfano waliyoitoa.

Msingi wake ni hesabu ya kuzidisha. Tabaka la rangi likiwekwa juu ya picha kwa hali ya Multiply, kila nukta ya picha huzidishwa na rangi hiyo. Nyeupe kamili hugeuka kuwa rangi yenyewe, nyeusi hubaki nyeusi. Unywele mwembamba uliochanganyika na weupe wa ukuta hugeuka kuwa unywele uliochanganyika na bluu, jambo ambalo kamera ingelirekodi kama ukuta ungekuwa wa bluu tangu mwanzo. Hakuna mkasi unaoweza kufanya hivyo.

Tatizo ni kwamba ukuta mweupe hauwi mweupe kamili kwenye picha. Tuseme ukiupima unasoma 230, 228, 222. Ukizidisha moja kwa moja na bluu yetu utapata takribani 156, 193, 200, bluu iliyofifia na yenye ukijivu, na mkaguzi anaweza kuikataa. Kwa hiyo ukuta unasafishwa kwanza uwe mweupe, kwa kuugawanya kwa rangi yake wenyewe.

Fungua picha, kisha nakili tabaka lake kwa Layer > Duplicate Layer. Tabaka la chini ni picha halisi, na hutaligusa hadi mwisho. Chukua kifaa cha Color Picker, washa Sample average ili kisisome nukta moja yenye chengachenga, ubofye ukuta karibu na kichwa. Tengeneza tabaka jipya juu kabisa lililojazwa rangi hiyo, libadili hali yake kuwa Divide, kisha uliunganishe na nakala kwa Merge Down. Ukuta utang'aa mweupe. Ongeza tabaka jingine lililojazwa #ADD8E6, liweke kwenye Multiply, uliunganishe vilevile. Sasa nakala nzima, uso ukiwemo, ina bluu. Usishtuke.

Chagua nakala hiyo, nenda Layer > Mask > Add Layer Mask, uchague White (full opacity). Hiki ni kifuniko: unapopaka nyeusi, nakala hufichwa na picha halisi ya chini huonekana. Paka nyeusi uso, shingo, mwili na sehemu ya ndani ya nywele. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo haraka inapoharibu.

Kwenye nywele tumia brashi laini na ukome kidogo kabla ya ncha zake, ili ncha zenyewe zibaki kwenye tabaka lililozidishwa. Ukipaka hadi nje, utaona utando mweupe kuzunguka kichwa: huo ni ukuta wa zamani unaochungulia. Kwenye shavu, sikio na bega fanya kinyume. Tumia brashi ngumu kiasi, kuza picha hadi 200% au zaidi, na ufuate ukingo wenyewe, kwa sababu ngozi au kitambaa kikiachwa kwenye tabaka lililozidishwa kitapata mstari wa bluu. Ukikosea, badili brashi iwe nyeupe na upake pale pale, hakuna kilichofutika. Angalia pia vijidirisha vya ukuta kati ya rasta na shingo au ndani ya hereni ya pete. Hivyo husahaulika sana, na vikibaki vyeupe vinamshtua mkaguzi mara moja.

Kama ukuta una kivuli, bluu itakuwa nzito upande mmoja. Kivuli chepesi kilicho mbali na kichwa kinafunikwa kwa tabaka jipya juu, ukapaka bluu ile ile kwa brashi kubwa laini. Kivuli kizito kinachogusa nywele hakifai kuhangaikiwa. Piga picha upya, mtu akiwa kama mita moja na nusu mbele ya ukuta.

Sasa hakiki kwamba mtu hajabadilika. Nakili tabaka la picha halisi, ipeleke nakala juu kabisa, uiweke kwenye hali ya Difference. Palipo sawa na picha halisi huwa peusi kabisa. Jicho hudanganywa na tofauti ndogo, hivyo washa Sample merged kwenye Color Picker na ubofye paji la uso, mashavu, midomo na shati: kila mahali pasome 0, 0, 0. Pakisoma namba nyingine, kifuniko hakijafika hapo. Fanya hivi kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Ukimaliza, futa tabaka hilo la kuhakiki.

Ndipo ukate na kupunguza picha kwa vipimo vya fomu, kisha uitoe kwa File > Export As ikiwa JPEG, ubora 90 au zaidi. Faili likizidi kikomo, punguza kwanza vipimo vya picha kama fomu inaruhusu. Ukishusha sana ubora, vijimraba vitazuka kuzunguka nywele na kazi yote ya ukingo itaonekana ya kubandika. Rangi ya bluu ikisoma tofauti ya namba moja au mbili baada ya hapo, ni kawaida ya JPEG.

Kuna picha ambazo njia hii haiziwezi. Kanzu, kofia au hijabu nyeupe mbele ya ukuta mweupe hukosa ukingo wa kufuata. Utakaouchora utakuwa wa kubuni. Mvi nazo hunywa bluu kwenye ncha, na mzee akaonekana ametiwa rangi. Miwani isiyo na fremu ina shida hiyo hiyo pembeni, pale ukuta unapoonekana kupitia kioo. Kwa watu hawa, shuka la bluu lililonyooshwa kwa pasi na kutundikwa ukutani litamaliza kazi kwa dakika chache.