Mwiko mweusi si lazima uwe mwiko wa zamani

Dhana: mwiko ukiwa mweusi, ni wa kale.

Hii ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Weusi hutengenezwa kwa siku moja: mti mpya unafukizwa moshi, au unapakwa rangi ya viatu na kufutwa. Mimi mwenyewe niliuziwa mmoja wa aina hiyo hapa Dar. Nilishtuka nilipoulaza kando ya mwiko wa shangazi yangu wa Magomeni, aliopewa na mama mkwe wake.

Mwiko wa shangazi haufanani rangi juu na chini. Ncha ni nyeupe karibu na kijivu, kwa kuwa imezama kwenye ugali na kusuguliwa kwa majivu miaka yote. Weusi unaanza mkono unaposhika, kwa mafuta na jasho, kisha unafifia taratibu. Ubavuni pana kovu la kuungua, pale unapoegemezwa kwenye ukingo wa sufuria. Na tundu la kutundikia si duara tena: kamba imelila upande wa juu. Wangu ni mweusi sawasawa toka ncha hadi mwisho, na tundu lake bado lina kingo kali. Nilipoupitishia kitambaa cheupe chenye tone la mafuta ya kula, rangi ilitoka kila mahali, hata kwenye ncha ambayo ingepaswa kuwa imeoshwa mara maelfu.

Dhana: alama za tezo ni ushahidi wa ukale.

Tezo, kile chombo cha kuchongea mti, bado liko kazini. Nenda Mwenge utawakuta wachongaji wanalitumia. Alama yake inakuambia kifaa, haikuambii mwaka. Kinachosema zaidi ni matuta yaliyo kati ya mkato na mkato. Yapapase kwa kidole gumba. Kwenye bakuli la mti lililotumika, matuta ya chini ndani yamelainika au yamefutika, ila yale ya nje, chini ya mdomo, ambako kijiko na mkono havifiki sana, bado yanakwaruza. Yakiwa yamelainika sawa kila pembe, ligeuze kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, ikikata nyuzi za mti, hiyo ni kazi ya msasa.

Matundu ya wadudu nayo yasikudanganye. Mbao mbichi ya juzi hubunguliwa haraka.

Dhana: kadiri ulivyolika, ndivyo miaka ilivyo mingi.

Kulika kunapima kazi, si miaka. Mwiko wa nyumba ya watu kumi wanaokula ugali kila siku utalika upesi kuliko ule unaotolewa kwa wageni tu. Ncha ya mwiko wa shangazi imelika upande mmoja, mkono uleule ukisonga kwa mwelekeo uleule, na hapo naweza kusema kwa uhakika kwamba umefanya kazi sana. Miaka yake nimeipata kwake: aliupokea siku alipoingia kwa mumewe, na mama mkwe alikuwa ameshausongea ugali watoto wake wote.