Ukiungama deni ku bwana ao bibi yako, usiungame nusu

Niko na myaka 14 mu mambo ya kredi hapa Bukavu. Mwanzo nilikuwa ajenti wa kredi, nilikuwa nafata batu Kadutu na Bagira juu balipe, sasa nasindikiza bikundi bya AVEC, benye banaweka akiba pamoja na kukopeshana, na kazi yenye inanikamata sana siku hizi haiko tena kufundisha hesabu. Ni batu benye banabakiaka nyuma kiisha mukutano, banajifanya sawa banapanga biti, kiisha banasema pole pole: "Mama, niko na deni yenye papa wa ku nyumba hajue."

Ile nimeona mara mingi, deni yenyewe haivunjake nyumba. Yenye inavunja ni kuungama mara ya pili. Mutu anasema 150, bwana anakasirika, analipa, analala, kiisha mwezi moja anasikia ilikuwa 600. Pale hata ukimuonesha karatasi ya kweli hatakuamini tena, juu alishakuamini mara moja na ukamutega. Kwa hiyo leo naandika juu ya kitu moja tu: namna ya kusema yote siku moja, na namna ya kufanya kiisha pale.

Nitaleta mufano ya mama moja mwenye aliniruhusu, nimebadirisha majina, tumuite Mama Aganze. Anauzisha bikwembe ku soko, bwana yake ni mwalimu. Mu kikundi yao hisa moja ni dola 2, yeye alikuwa anaweka hisa 3 kila juma. Mwezi wa 3 alikamata kredi ya dola 300 mu kikundi, intere 5 ku 100 kwa mwezi, yaani dola 15. Hiyo ni kredi ya kawaida, inabebeka. Bahati mbaya mutu mwenye Mama Aganze alipatia zile feza juu amuletee bintu bya kuuzisha alipotea nazo. Mwezi wa 6 kredi ikafika, benye balimusimamia garanti bakaanza kumuangalia mubaya ku mukutano, na haya ikamuingia. Akaenda kwa Banki Lamberi.

Kwa wenye habajue: Banki Lamberi haiko banki, ni mutu wa kawaida mwenye anakopesha na intere ya juu sana. Huyu wake alikuwa anaomba 30 ku 100 kila mwezi. Akamata 300, akalipa kikundi, bote bakamupigia makofi. Na pale njo siri ilizaliwa, juu kikundi ilikuwa inajua deni ya kwanza lakini hii ya pili hakuna mutu alikuwa anajua.

Angalia vile inaendaka. Mwezi wa 7 alilipa intere 90, wa 8 akalipa 90, wa 9 akalipa 90. Ametosha dola 270, na deni ingali paka 300, hata dola moja haijapunguka. Mwezi wa 8 alikopa 60 kwa jirani juu afikishe ile 90. Mwezi wa 9 akaenda kwa bwana yake akamuambia iko na deni ya 150 mu kikundi, bwana akatosha mu salere yake bila kusema neno, na ile feza yote ikaenda kwa Lamberi na ku njaa ya komersa. Mwezi wa 10 hakuweza kitu, Lamberi akaandika karatasi mupya ya 390. Mwezi wa 11 tena hakuweza, ikakuwa 507. Weka 60 ya jirani na 45 ya mutu mwenye anamupaka bikwembe kwa deni, inafika 612.

Tarehe ya kugawanya akiba ilikuwa mwezi wa 12. Bwana yake alikuwa amehesabu: dola 6 kila juma, mwaka muzima, haikosi 300, tutanunua mabati. Lakini nilipomuomba kakarine ya kikundi nikaona tampo ziko mustari kwa mustari mpaka mwisho wa mwezi wa 6, zile tampo za bluu tatu tatu, juma 24, kiisha pale kila mustari imepigwa kistari cha biki, hakuna kitu. Juma 24 mara dola 6 ni 144. Alikuwa anaificha ndani ya gunia ya bunga. Ule ukurasa njo ulikuwa utamuungamia, yeye apende ao asipende, na ilikuwa inabakia juma tatu.

Kitu ya kwanza tulifanya haikuwa kupanga maneno, tulikaa na kaye. Kila deni ku mustari yake: ni ya nani, alikamata ngapi, siku gani, ameshalipa ngapi, inabakia ngapi leo, na alitoa nini garanti. Ile ya mwisho batu banairukaka. Nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu akalia, akasema Lamberi iko na fishi ya parseli, aliikamata mu kabati wakati bwana iko ku masomo. Sasa, hiyo njo ilikuwa jambo nzito kupita 612 yote. Kama angeungama feza bila kuungama fishi, angekuwa ameungama nusu tena.

Namna ya kujua kama orodha imetimia: muulize "kuko mutu mwenye akikuya ku mulango kesho, utashituka?" Na ufungue simu, usome mesaji za M-Pesa ao Airtel Money za myezi sita, feza zenye zilitoka na kwenda kwa nani. Kila mara tunapatanaka deni moja yenye mutu alisahau, hata kama hakuwa na nia ya kuficha. Na usiandike "karibu 500". Andika 507. Mutu mwenye anaungama kwa namba ya muviringo anajiachia mulango, na mwenye anasikia anajua.

Siku ya kusema, chagua saa yenye batoto habako, hakuna mugeni, hakuna pombe, hakuna mutu anaharakisha kwenda kazi. Hapana ku simu. Batu banapendaka kupitia kwanza kwa parene na marene ya ndoa juu bawatengenezee njia, mi sikubali hiyo. Bwana yako akijua parene alijua mbele yake, umemuongezea haya ya pili. Parene anakuya kiisha, kama munaomba bote mbili. Paka kama mu ile nyumba kulishakuwaka kupigana, pale usiseme peke yako hata kidogo, ukuwe na mutu mukubwa mu nyumba ao mu chumba ya jirani, na batoto balale fasi ingine.

Mama Aganze alisema siku ya mungu, kiisha misa, batoto balikuwa kwa koko yao. Tulikuwa tumepanga mwanzo wake hivi, na alinihadisia kama alisema paka vile: "Papa Aganze, niko na deni ya dola 612. Ile 150 yenye nilikuambia mwezi wa 9 ilikuwa bongo, haikuenda mu kikundi. Na fishi ya parseli iko kwa mutu, mi njo niliipeleka. Yote imeandikwa hapa." Akaweka kaye na kakarine ku meza. Namba kwanza, kiisha bongo ya zamani, kiisha kitu ya mubaya kupita, hapo hapo, mbele ya kueleza vile ilikuya. Ukianza na historia, mwenzako anasikiliza kwa roho juu anangoja namba, na yote unaeleza inaonekana sawa unajitetea.

Kiisha unyamaze. Hiyo njo ngumu. Usiombe feza siku ile, usiombe musamaha siku ile, usiseme "lakini na wewe". Papa Aganze aliinuka, akaenda inje, akarudia saa mbili ya usiku, akauliza kitu moja: "Nani mwingine anajua?" Akamujibu kweli, jirani na mi. Hakusema naye siku ine. Minaandika hii juu batu banakuya kuniambia "nilisema yote na ananyamaza, mupango yako haiko inatumika". Siku ine ni kidogo.

Juma ya pili balienda kwa Lamberi bote mbili. Kwenda mbili inabadirisha mambo, juu nguvu yake yote ilikuwa ile siri, kila mara alikuwa anamuambia "nitaenda kwa bwana yako". Na ile fishi haikuwa na nguvu yenye alizani: Kode ya Jamaa ya Kongo, ile ilirekebishwa mu 2016, inaomba mapatano ya bibi na bwana juu ya kuuza ao kuweka nyumba ao parseli garanti, moja peke yake hawezi. Habakugombana, balisema tu hivyo, na bakamuonesha kama ameshakula 270. Balipatana 400, intere isimame, 150 siku ya kugawanya, kiisha 50 kila mwezi kwa myezi 5, kila mara na desharji yenye sinyatire. Si kila Lamberi anakubali. Akikatala, unaleta shefu wa avenyi ao avoka, lakini usikamate deni ingine ya kumulipa, hata kama mutu anakupa bila intere. Mu kikundi alipata 144 na kidogo ya faida, ikatosha ile 150. Mabati ikangojea.

Ku nyumba balipatana mambo mbili tu. Siku ya mungu, nusu saa, kaye na kakarine na simu ziko ku meza, za bote mbili, hata ya bwana. Na hakuna kukopa kupita dola 20 bila mwingine kujua. Papa Aganze alikuwa anataka kuangalia simu kila magaribi, nikamukataza, juu kila magaribi inamufanya polisi na yeye mufungwa, na mufungwa anatafutaka namna ya kukimbia.

Dalili ya kama siri inarudia mi naiona ku vitu vidogo: kakarine "nilisahau kwa prezida", simu inazimika siku ya mungu, namba zinaanza tena kuviringika.

Mwezi wa 2 komersa haikuenda. Malipo ilikuwa siku ya posho, na siku ya tatu, magaribi, akamuambia bwana: "Niko na 30, haitafika 50." Hakungoja tarehe ipite. Bwana alikunja uso, akaandika 30 mu kaye, wakaenda bote kumuambia Lamberi mbele. Nilipowauliza kiisha ni siku gani roho ilianza kutulia, mi nilizani watasema siku ya kulipa mwisho. Papa Aganze akasema ni ile siku ya tatu.

Balimaliza mwezi wa 6, na 20 yenye ilibakia. Fishi ilirudia mu kabati, jirani alilipwa, mutu wa bikwembe angali anadai 45 na iko mu kaye ku mustari yake. Siku ya mungu bangali banafungua simu ku meza.